Bajaji Haitoi Risiti

Fomu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko safi, sahihi ya msimamizi wake ilikuwepo, na risiti zilikuwa zimebanwa nyuma kwa mpangilio wa tarehe. Nilikuwa nikipitia madai ya safari kabla ya malipo ya Ijumaa, na kalamu yangu ilishafika karibu na mahali pa kutia saini ya mhasibu, nilipousoma mstari wa sita: "Usafiri wa ndani, 60,000".

Hakukuwa na neno jingine.

Niliiweka fomu kando, nikaendelea na nyingine, kisha nikairudia. Mwenzetu aliyeijaza namfahamu. Ni mtu anayerudisha hata kalamu ya ofisi. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na Kondoa kwa kazi ya mteja, na kwa kuwa masurufu hayakutoka kwa wakati, alitumia fedha zake mwenyewe. Sikuwa na shaka naye hata kidogo. Shaka yangu ilikuwa juu ya ile namba, na kwa wiki kadhaa baadaye nimekuwa nikijiuliza kwa nini mambo hayo mawili ni vigumu sana kuyatenganisha.

## Madai yenyewe

Jumla ya madai ilikuwa shilingi 507,000. Treni ya SGR kwenda na kurudi Dodoma, 62,000. Basi la Dodoma hadi Kondoa, kwenda na kurudi, 24,000. Hoteli ya Dodoma, siku mbili, 196,000. Nyumba ya wageni Kondoa, usiku mmoja, 45,000. Posho ya chakula kwa siku nne kwa kiwango cha kampuni cha 30,000 kwa siku, 120,000. Kisha ule usafiri wa ndani.

Treni na basi havikunichukua muda. Tiketi zilikuwa za kielektroniki, zina jina la msafiri, tarehe na nauli, na tarehe zake zililingana na kibali cha safari. Huo ndio ushahidi unaojitosheleza: unaonyesha nani alisafiri, lini, kutoka wapi kwenda wapi na kwa kiasi gani, na mdai hana haja ya kuongeza maelezo. Posho nayo haihitaji risiti kwa sababu ni kiwango kilichokwisha kukubaliwa, na kinachothibitishwa ni kwamba siku nne hizo alikuwa safarini kweli. (Posho ina mjadala wake wa kodi, ambao hapa nauacha.)

Mistari mitatu iliyobaki ndiyo iliyonifundisha kitu.

## Risiti nzuri iliyosema kidogo

Risiti ya hoteli ilikuwa ya mashine ya EFD, na kwa sura haikuwa na kasoro. Ilikuwa na jina la hoteli, TIN yake, tarehe, saa, msimbo wa uhakiki na alama ya QR chini. Niliingia verify.tra.go.tz, nikaandika msimbo huo, na mfumo wa TRA ukanionyesha risiti ileile kwa kiasi kilekile. Mhasibu anayekaa na lundo la risiti kila wiki hujisikia vizuri mno anapofika hapo, na ndiyo maana inafaa asimame kidogo.

Risiti ilisema: "Huduma, 1, 196,000".

Risiti ya EFD inathibitisha kwamba mauzo yalifanyika na yakaripotiwa kwa mamlaka ya kodi. Haithibitishi kwamba kilichouzwa ni kile ambacho kampuni ilikubali kukilipia. Chumba kilikuwa 80,000 kwa usiku, na siku mbili ni 160,000. Shilingi 36,000 zilizozidi zilikuwa zimeingia wapi?

Jibu la swali hilo halipo kwenye risiti ya EFD. Lipo kwenye bili ya hoteli, ile karatasi ndefu ambayo mapokezi huichapisha wakati wa kuondoka na ambayo wengi wetu huiacha kaunta tukidhani risiti imetosha. Nilimwomba mwenzetu aipigie simu hoteli, wakamtumia bili siku hiyohiyo. Ilionyesha chumba siku mbili 160,000, chakula cha jioni 30,000 na kufuliwa nguo 6,000.

Chakula cha jioni kilikuwa tayari ndani ya posho. Akilipwa posho ya siku hiyo na kisha alipwe chakula kilekile kupitia bili ya hoteli, kampuni itakuwa imelipia sahani moja mara mbili, ingawa hakuna mtu aliyekusudia hivyo. Nguo nazo, kwa utaratibu wetu, hulipiwa tu safari inapozidi wiki moja. Kwa hiyo kilichokubalika ni 160,000, na risiti ya 196,000 ikabaki nyuma yake kama kiambatisho, huku mchanganuo ukieleza kwa sentensi moja kwa nini kiasi kinachodaiwa ni kidogo kuliko kiasi cha risiti.

Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkaguzi anayekuja mwaka unaofuata hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Akiona risiti ya 196,000 na dai la 160,000 bila maelezo, atasimama kwa muda uleule ambao angesimama kama dai lingekuwa kubwa kuliko risiti, kwa sababu kwake tofauti ni tofauti.

Jambo jingine dogo kuhusu hoteli: usijaribu kuitoa VAT mwenyewe. Nimewahi kuona madai ambayo mtu amegawanya bei kwa 1.18 akaandika dai la chumba bila kodi, kisha kodi kwenye mstari wake, na akakosea senti. Mdai anadai alicholipa, kodi ikiwa ndani yake. Namna kodi hiyo itakavyoshughulikiwa kwenye vitabu ni kazi ya mhasibu.

Kinachomhusu msafiri ni kutaja jina la kampuni na TIN yake kabla risiti haijachapishwa. Mashine ina nafasi ya kuandika mteja. Risiti ikishatoka na jina la mtu binafsi, au bila jina lolote, wauzaji wengi hawako tayari kuifuta na kuitoa upya, na unaondoka na karatasi halali ambayo haisemi lolote kuhusu mwajiri wako.

## Karatasi ya Kondoa

Nyumba ya wageni ya Kondoa ilitoa risiti ya mkono. Najua kuna ofisi ambazo zingeikataa papo hapo, na nadhani zinakosea. Wafanyabiashara walio chini ya kiwango cha mauzo kilichowekwa hawalazimiki kuwa na mashine ya EFD, na mtu aliyetumwa kazi wilayani hawezi kulala barabarani kwa ajili ya kutafuta mashine.

Swali la haki ni kama karatasi ile ina vitu vinavyoweza kufuatiliwa. Hii ilikuwa na jina la biashara lililochapishwa juu, TIN, namba ya risiti, jina la kampuni yetu, tarehe ya kuingia na kutoka, kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, sahihi na mhuri. Pamoja nayo alikuwa ameambatisha ujumbe wa simu wa malipo kwa Lipa Namba, wenye kiasi kilekile cha 45,000, jina la mpokeaji na muda. Risiti ilieleza kilichonunuliwa. Ujumbe ulieleza kwamba fedha zilitoka kweli, zilitoka kwake, na zilikwenda kwa nani.

Watu wengi huambatisha ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe ule hauelezi ulilipia nini. Ukiwa umemtumia mtu 45,000, inaweza kuwa chumba na inaweza kuwa mchango wa harusi. Hali kadhalika karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine ya kadi ya benki: inaonyesha kwamba kadi ilikatwa, lakini siyo risiti ya kodi na haina orodha ya huduma. Nayo ankara, hasa ile ya awali inayotolewa kabla ya malipo, inaonyesha tu kiasi ulichoombwa kulipa.

Malipo ya Kondoa niliyapitisha bila kusita, na hapo ndipo niliponusa kwamba nilikuwa nimepata kigezo: nikiweka vipande vyote pamoja, je, mgeni asiyemjua mtu huyu anaweza kuifuata fedha kutoka mfukoni mwake hadi kwenye kazi ya kampuni?

Nikaurudia mstari wa sita nikiwa na swali hilo.

## Shilingi elfu sitini

Nilimwita. Aliposikia ni usafiri wa ndani, alicheka kwa uchovu.

"Kaka, bajaji inatoa risiti wapi?"

Alikuwa na haki, na sikuwa na jibu. Nilimwomba akae, afungue simu yake, na tuipitie safari siku kwa siku, tukianzia mlango wa nyumba yake Kimara. Hatukuanza na fedha. Tulianza na mahali: ulikuwa wapi asubuhi, ulitakiwa kuwa wapi, ulifikaje. Kila alipotaja safari, ndipo tulipouliza ililipwa kiasi gani na kama kuna alama yoyote iliyobaki, iwe barua pepe ya teksi iliyoitwa kwa simu, ujumbe wa malipo, au hata muda wa kikao uliomo kwenye kalenda. Hiki ndicho kilichotoka:

| Siku | Kutoka – kwenda | Chombo | Kiasi | Ushahidi |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | Kimara – stesheni ya SGR | Teksi ya mtandao | 14,000 | Risiti ya barua pepe |
| Jumatatu | Stesheni Dodoma – hoteli | Bajaji | 5,000 | Maelezo |
| Jumanne | Hoteli – ofisi ya mteja, na kurudi | Bodaboda | 6,000 | Maelezo |
| Jumatano | Hoteli – stendi ya mabasi | Bajaji | 4,000 | Maelezo |
| Jumatano na Alhamisi | Kondoa: stendi, malazi, ofisi ya halmashauri, safari nne za 2,000 | Bodaboda | 8,000 | Maelezo |
| Alhamisi | Stendi Dodoma – stesheni | Bajaji | 5,000 | Maelezo |
| Alhamisi | Stesheni ya SGR – Kimara | Teksi ya mtandao | 15,000 | Risiti ya barua pepe |

Jumla yake ni 57,000.

Tofauti ilikuwa 3,000. Alisema alikadiria alipokuwa akijaza fomu nyumbani, akaona 60,000 iko karibu. Nilimwamini wakati huo na ninamwamini leo. Hata hivyo tazama kilichotokea kwenye jedwali: shilingi 29,000 katika hizo zilikuwa na risiti tangu mwanzo, kwenye barua pepe yake, na hakuziambatisha kwa sababu alishaziweka zote kwenye fungu la "vitu visivyo na risiti". Mstari mmoja wa jumla ulikuwa umeficha ushahidi ambao ungemsaidia, na ukafanya nusu iliyothibitika ionekane na shaka sawa na nusu isiyothibitika.

Kilichobaki bila risiti ni 28,000, na hakuna safari hata moja ndani yake iliyozidi 5,000. Kila moja ina mwanzo, mwisho na sababu, na zinafungamana na nyaraka nyingine: bajaji ya Jumatano inakwenda stendi kwa sababu kuna tiketi ya basi ya Jumatano, na bajaji ya Alhamisi inakwenda stesheni kwa sababu kuna tiketi ya treni ya Alhamisi jioni. Mtu hawezi kufika kwenye treni bila kutoka stendi.

Dai lililorekebishwa likawa 468,000.

## Kinachonisumbua kuhusu masharti yetu

Waraka wa ofisi yetu unasema wazi kwamba gharama isiyo na risiti hailipwi. Nikiufuata neno kwa neno, nakata 28,000 na naenda nyumbani mapema. Nilitaka kufanya hivyo, sitaficha. Waraka ni kinga ya mhasibu, na kinga hiyo nimeifurahia mara nyingi.

Kilichonizuia ni kufikiria kile ambacho mtu huyohuyo angefanya safari ijayo. Bajaji ya 5,000 ikikataliwa na teksi ya 20,000 yenye risiti ikipita, basi kampuni inamwambia achukue teksi. Wakubwa wetu, wanaotumia magari ya kukodi yenye ankara na risiti kamili, madai yao hupita kwa dakika chache, ilhali mtumishi wa chini aliyepanda bodaboda ya 2,000 kwenda ofisi ya halmashauri huitwa na kuhojiwa. Sheria iliyokusudiwa kuokoa fedha inaishia kuadhibu uchaguzi wa bei nafuu.

Ipo njia nyingine mbaya zaidi, na kila mhasibu anaijua. Mtu anayenyimwa fedha zake za halali hutafuta karatasi ya kuzirudishia. Anaomba hoteli iandike 90,000 badala ya 80,000, au anapata kitabu cha risiti mahali fulani. Hapo mtu mwaminifu amefundishwa kughushi, na dalili zake zinajulikana: risiti tatu za siku tatu tofauti zenye namba zinazofuatana, kana kwamba biashara ile haikuwa na mteja mwingine, mwandiko mmoja kwenye risiti za maduka mawili, au risiti ya EFD ya mgahawa wa Dodoma iliyotoka saa moja baada ya treni ya msafiri kuondoka. Muda uliochapishwa kwenye risiti ni kitu ambacho wachache hukisoma, na ndicho cha kwanza ninachokilinganisha na tiketi.

Upande wa pili nao una uzito wake. Sheria ya Kodi ya Mapato haihesabu kuwa kipato fedha ambazo mwajiri anamrudishia mfanyakazi kwa matumizi aliyoyafanya kwa ajili ya kazi tu. Lakini lazima ionekane kwamba ni marejesho. Mstari mtupu wa "usafiri wa ndani 60,000", ukijirudia kwa kila mtu na kila safari kwa namba za mviringo, unaanza kufanana na posho, na mkaguzi wa kodi ana kila sababu ya kuuliza kama ni nyongeza ya mshahara isiyokatwa kodi, au kuikataa gharama hiyo kwenye hesabu za kampuni. Kwa hiyo siwezi kusema tuwaamini watu tu. Ninachoweza kusema ni kwamba mchanganuo mzuri unaweza kubeba sehemu ya mzigo ambao risiti haiwezi kuubeba, ilimradi kiasi ni kidogo na safari inaeleweka.

Uandikwe siku ileile. Hilo ndilo sharti ambalo singelilegeza. Jedwali letu tulilijenga siku kadhaa baada ya safari, na tulibahatika kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri na simu yenye ujumbe wote. Mtu akisafiri majuma mawili, hataikumbuka bodaboda ya siku ya tatu. Daftari dogo au ujumbe anaojitumia mwenyewe kwenye simu kila jioni, wenye mahali, kiasi na sababu, unatosha, na picha za risiti zipigwe wakati huohuo. Karatasi za mashine ya EFD hufifia, na hufifia haraka zaidi zikiachwa kwenye dashibodi ya gari au zikibandikwa gundi ya plastiki juu ya maandishi. Nimepokea risiti ambazo kilichobaki juu yake ni weupe tu. Zibanwe pembeni kwenye karatasi ya A4, na nakala yake iambatishwe.

## Tulipofika

Nililipa 468,000, nikaandika kwenye hati ya malipo kwamba 28,000 zimelipwa kwa maelezo yaliyosainiwa na mdai na msimamizi wake, nikaambatisha jedwali. Kisha nilipeleka pendekezo kwa mkurugenzi: fomu mpya yenye safu za "kutoka", "kwenda" na "sababu" kwa usafiri wa ndani, mstari mmoja kwa kila safari, na ruhusa ya kulipa bila risiti pale ambapo safari moja haizidi 10,000 na chombo ni bodaboda au bajaji.

Safu amezikubali, na fomu mpya imeshaanza kutumika. Kiwango ndicho tunachobishania. Yeye anataka 10,000 iwe kikomo cha siku nzima, siyo cha safari moja, kwa hoja kwamba mtu anaweza kuandika safari ndogo ndogo nyingi hadi zikawa laki. Hoja yake siidharau. Lakini nikipima jedwali la Kondoa kwa kiwango chake, Alhamisi peke yake ina safari mbili za bodaboda Kondoa na bajaji ya Dodoma, jumla 9,000, na hiyo ilikuwa siku yenye kituo kimoja tu cha kazi. Mwenzetu anatarajiwa kurudi huko kwa kazi yenye vijiji vitatu kwa siku. Nimeomba ratiba ya safari hiyo, nimeanza kupigia simu madereva wa Kondoa kuuliza nauli za vijijini, na nitarudi kwa mkurugenzi nikiwa na namba hizo.